Salamu Zilizolimeza Swali

Mjukuu wangu, karani wa duka la vigae, ana adabu za kumsalimia hata paka kabla ya kumfukuza jikoni. Bosi akamwagiza amwandikie mama mmoja wa ng'ambo anayewauzia vigae, amuulize mzigo utaondoka lini. Hawajawahi kuonana. Mtoto wa watu akakaa kwenye kompyuta, akazigeuza salamu zetu neno kwa neno ziwe Kiingereza: umeamkaje, mumeo hajambo, watoto wazima, afya yako je. Salamu zikawa ndefu kama treni, swali la mzigo likapanda behewa la mwisho.

Jibu lilipokuja, bosi akalisoma mbele ya ofisi nzima. "Anauliza wewe nani, na watoto wake umewajulia wapi. Swali la mzigo hata hakuliona."

Dereva akacheka. "Dada, ungemuulizia na mbuzi wake."

"Nilikuwa namheshimu," mjukuu wangu akasema, macho sakafuni.

"Najua," bosi akasema. "Kwao heshima ni kutompotezea mtu muda. Mtakie heri kwa mstari mmoja, uliza, shukuru. Ukirudia, kazi hii nampa mwingine."

Akaandika upya, mistari mitatu. Jibu la upole likarudi kabla chai haijapoa, na tarehe ya mzigo ndani yake.

Jioni akapita mlangoni kwangu bila salamu.

"We, na mimi niko ng'ambo?" nikamwita.

Akarudi, akakaa miguuni pangu. "Shikamoo, bibi. Nina haya mpaka salamu zinanikwama."

"Marahaba. Hapa zimwage zote."

Akaanza na afya yangu, nami nikamjibu goti baada ya goti.