Mlango wa Machela

Ofisini kwetu Lushoto mchoraji hakuulizwa anajua nini, aliulizwa mistari yake imekaaje. Yangu ilikaa vizuri. Nilikuwa na mwandiko wa tarakimu ambao wenzangu waliusifu, na sifa ikishamwingia kijana kichwani haitoki kirahisi. Bwana mkubwa wa chumba cha ramani alikuwa na wimbo mmoja tu: jumlisha vipande, vilingane na urefu wote. Nilimwona mzee msumbufu.

Vijiji vya ujamaa vilikuwa vinaandikishwa kila kona, na kila kijiji kilitaka zahanati. Kijiji cha wakwe zangu, juu kuelekea Shume, nacho kiliomba, na ramani ikaangukia meza yangu. Nilifurahi kupita kiasi. Baba mkwe ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa waashi pale. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za matofali za ukanda ule, na alisoma ramani vizuri tu, maana alijifunza kwa wamisheni tangu ujana. Nilioa binti yake mwaka uliotangulia, na bado nilikuwa natafuta namna ya kumwonyesha kwamba hakumtupa.

Nikachora. Ukuta wa mbele niliugawa kama ilivyo desturi: mstari wa kwanza wa vipimo unafuatana kama mnyororo, kipande cha ukuta, dirisha, kipande, mlango, kipande, dirisha, kipande cha mwisho. Juu yake mstari mmoja wa urefu wote, kona hadi kona. Mlango niliuwekea milimita mia nane.

Mkunga wa wilaya alipita ofisini, akautazama, akacheka. "Kijana, kule juu wagonjwa wanaletwa na machela. Machela ikipita hapo, mikono ya wabebaji itapitia wapi?" Alisema kweli. Huko milimani barabara haifiki kila nyumba, na mama mwenye uchungu hubebwa na wanaume wanne kwenye miti miwili. Nikaamua mlango uwe mita moja. Ukuta wote ukarefuka kwa milimita mia mbili, ukawa mita tisa kamili.

Kwenye karatasi ile ya kuchorea kwa wino, kufuta ni kukwangua kwa wembe. Nilikwangua mistari ya mlango nikaichora upya. Nilikwangua urefu wote nikaandika elfu tisa kwa tarakimu nzuri sana. Ile mia nane ndani ya mnyororo sikuigusa. Na pembeni ya mlango sikuandika ukubwa wake, kwa kuwa niliona ungechafua mchoro. Sikujumlisha. Nakala zikatolewa, zikapanda mlimani.

Nilipanda na mimi wiki kadhaa baadaye, Jumamosi ya kujitolea, na mke wangu na mkungu wa ndizi. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye kabichi. Kijiji kizima kilikuwa kazini, wanawake wakipandisha maji, wanaume wakipitishiana matofali. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa juu wa madirisha, wanajiandaa kumwaga lenta, ule mkanda wa zege. Mwenyekiti wa kijiji alinitangaza kwa sauti: "Mwenye ramani amefika!" Watu wakapiga makofi. Nikajisikia waziri.

Makofi hayajaisha nikauona mlango. Ulikuwa mwembamba. Fremu ilikuwa imeshasimama, na ukitoa unene wa mbao zake, mtu mnene angepita kwa ubavu. Nikaomba ramani, nikaifungua juu ya rundo la mchanga, nikajumlisha kwa mara ya kwanza. Mnyororo ulileta elfu nane na mia nane. Juu yake, elfu tisa, kwa mwandiko wangu.

Msingi ulikuwa umechimbwa kwa elfu tisa, kisha waashi wakapanda na mnyororo, na walipofika kona wakakuta mia mbili haina mwenyewe. Wakairundika kwenye kipande cha mwisho cha ukuta. Ni kitu ambacho mwashi yeyote angefanya kama hana wa kumuuliza.

Lakini fundi mkuu wao alikuwa na wa kumuuliza. Nilimwona baba mkwe upande wa pili wa mchanga, mwiko mkononi, akinitazama nikijumlisha, na nikajua kwamba yeye alijumlisha siku ya kwanza kabisa. Basi la Lushoto lilikuwepo. Angemtuma mtu. Ila kutuma mtu kungekuwa kusema mbele ya kamati kwamba mkwe wake amekosea, na mkwe hafedheheshwi. Kwa hiyo akabahatisha. Mimi niliyelipwa ili mtu asibahatishe.

Mama mmoja alikuwa ameshaleta machela iliyotumika kubebea mbao, wakaijaribu. Ikakwama. Mikono ya wabebaji ilikwaruzwa na fremu na mmoja akatukana. Kicheko kilipasuka, halafu kikafa, kwa kuwa kila mtu alielewa kwamba ukuta utabomolewa.

"Nani kafanya hivi?" mwenyekiti akauliza. "Jasho la watu hili!"

Nilifungua mdomo. "Mwenyekiti, kosa ni—"

"Ni langu," baba mkwe akasema. "Nilisoma vibaya. Macho yamezeeka."

"Hapana baba, ramani ndiyo—"

"Mkwe," akasema, taratibu, bila kunitazama. "Mimi nimeshasema."

Nani angembishia baba mkwe mbele za watu? Ile heshima iliyomzuia yeye kuniuliza ndiyo iliyonifunga mimi kinywa, na sijawahi kuichukia heshima kama siku ile. Mwenyekiti alimsema mzee wa watu mbele ya vijana aliowafundisha kushika mwiko. Wakabomoa upande mmoja wa mlango, yeye akiwa wa kwanza na nyundo. Nami nilibeba vifusi hadi mke wangu akanionea huruma, na huruma yake ilinichoma zaidi.

Nilimwambia ukweli mwenyekiti faraghani siku ya pili. Akanipiga bega: "Unamsitiri mkweo. Umelelewa vizuri." Ukweli wangu ukageuka sifa nyingine. Kazi ya ukuu wa mafundi alipewa mwingine, na kwa miaka watoto walimwita mzee Mia Mbili. Alikuwa akiitika.

Tangu hapo nilijumlisha kila mnyororo, kila mlango nikauandikia upana na kimo hata kama mchoro unachafuka. Vijana wa ofisini waliniona msumbufu.

Zahanati ile ipo. Dirisha la kulia limeukaribia mlango kuliko la kushoto, kwa sababu kipande cha ukuta kati yake na mlango ndicho kilichokatwa. Mara ya mwisho kupita hapo na baba mkwe yeye alikuwa juu ya machela, kifua kimembana, nami nimeshika miti kwa mbele. Nyuma yangu kijana mmoja, akitaka kutuchangamsha, akasema, "Mia Mbili, leo unapita kwenye mlango uliousoma vibaya!"

Nikasimama. Nilitaka kugeuka nimwambie pale pale, machela mikononi.

"Twende, mkwe," mzee akasema chini ya blanketi. "Hapa tunaenea."

Tukapita. Mikono yangu haikugusa fremu, kushoto wala kulia. Hakutoka tena akiwa hai, na makaburini waliposimulia habari zake walicheka kwa upendo kuhusu ule mlango. Mkwe haongei kwenye msiba wa wakwe, anashika jembe. Nikachimba.