Kitufe Kilichofuta Chale za Mama

Mama yangu anaishi Didia, na mdogo wake wa pekee anaishi Runzewe. Magoti yao hayawezi tena safari, kwa hiyo mama aliniomba nimpige picha moja nimtumie mdogo wake. Alivaa kitenge kipya akakaa ndani, karibu na mlango. Mwanga ulimpiga ubavuni. Nusu ya uso ilibaki gizani.

Matumizi ya simu nilijifundisha mwenyewe, kitufe kwa kitufe, na niliamini kwamba mashine inajua kurekebisha picha kuliko kidole changu. Nikagusa "Otomatiki". Chumba chote kiling'aa, hata mtungi wa maji kwenye kona ukaonekana. Nikaridhika, nikaituma kwenye simu ya binti wa mama mdogo bila kumwonyesha mama.

Haikupita saa moja, ukaja ujumbe wa sauti wa mama mdogo.

"Mwanangu, niambie ukweli. Dada anaumwa tangu lini?"

Mama alininyang'anya simu, akaisogeza karibu na macho.

"Mayu wane!" akasema, kama anamwita mama yake. "Huyu umemtoa wapi? Umenipaka majivu. Na chale zangu ziko wapi?"

Nilibonyeza picha nikaishikilia, ile ya awali ikatokea, nilipoachia, ikapotea. Nikarudia mara kadhaa mpaka nikaelewa. Mama ana chale tatu nyembamba kila shavu. Zinaonekana kwa sababu ukingo mmoja hupokea mwanga na mwingine hutupa kivuli. Mashine ilikuwa imeuchukulia weusi wa uso wake sawa na giza la chumba, ikaving'arisha vyote. Ngozi ikawa ya kijivu, na chale zikalala.

Nikarudisha picha ya awali, nikaanza kurekebisha kwa mkono. Mwangaza niliongeza kidogo tu. Vivuli sikuvigusa. Joto la rangi nililisogeza polepole, mpaka rangi ya ngozi ikawa kama ya mwanamke aliyeketi mbele yangu. Mama alikuwa ameegemea bega langu.

"Ongeza. Ongeza tena. Basi, basi! Unataka kuniozesha upya?"

Mtungi ulirudi gizani. Safari hii nilimwonyesha kwanza, akatikisa kichwa kukubali, nikatuma.

Jibu lilipofika lilianza na kicheko kirefu.

"Dada, ndiye wewe! Ile chale moja ya kushoto bado imepinda. Nilikwambia utulie unapochanjwa, ukarusha kichwa. Bibi akakufukuza na wembe mkononi mpaka kwenye zizi la ng'ombe!"

Mama aligusa shavu lake la kushoto kwa kidole kimoja, akaifuata ile iliyopinda mpaka mwisho.

"Mwongo huyo," alisema taratibu. "Aliyekimbia akilia ni yeye."

Kisha akaniomba niirudie ile sauti. Niliirudia mara nne.