Shamba Laporomoka Gare

Jumanne, katikati ya masika. Ukungu tangu alfajiri, manyunyu yasiyokata, baridi ya kuvaa makoti mawili kwa mwenye nayo. Ndivyo daftari langu linavyosema, na kwa hali ya hewa naliamini. Kwa mengine siliamini sana, maana niliyeandika ni mimi, na shule yangu iliishia darasa la nne.

Siku hizo Lushoto kulikuwa na gazeti dogo la wilaya, kurasa nne zilizopigwa taipu kwenye karatasi ya nta na kurudufiwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Kila kijiji kilikuwa na mtu wake wa kupeleka habari. Wa Gare nilikuwa mimi. Hakuna aliyenichagua, nilipeleka habari ya kwanza, ikatoka, nikaendelea.

Jumapili, tukiwa kanisani, shamba la mama mmoja mjane lilishuka kutoka juu ya njia. Tulisikia mngurumo, tukadhani ni radi. Tulipotoka, njia ya Lushoto haikuwapo. Palikuwa na udongo mwekundu, na juu ya udongo migomba imesimama wima, majani hayajachanika, kama iliyopandwa pale na mtu mwenye akili zake. Hata wale ambao hawanyamazi ibada nzima walinyamaza.

Halafu maneno yakaanza. Miaka ile serikali ililazimisha kila shamba la mlimani lilimwe matuta ya kuzuia udongo, na asiyelima alisimamishwa mbele ya baraza la zumbe, yaani mkuu wetu wa pale. Wengi hawakuyapenda matuta, lakini sasa karibu kila mdomo ulisema mjane hakuyalima, ndiyo maana mlima umemwangukia. Bwana mmoja, kibarua wa barabara, akasema mama yule anapenda migomba kuliko amri. Tukacheka. Na mimi nilicheka. Niandike na hilo.

Jumatatu yote tulichimba njia. Usiku nikaandika habari, na Jumanne nikaipeleka Lushoto kwa miguu.

Mhariri alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa Tanga, mweupe wa nywele, na Kiswahili chake kilikuwa kama maji ya kuchujwa. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho, akaanza kusoma. Kichwa changu cha habari kilijaza mistari mitatu: HABARI ZA KUSIKITISHA NA KUSTAAJABISHA KUHUSU MLIMA AMBAO UMEANGUKA SIKU YA JUMAPILI HUKO KWETU GARE. Akafuta, akaandika juu yake: SHAMBA LAPOROMOKA GARE. Nikatazama. Yote yalikuwamo.

Akaeleza kwa upole kwamba kichwa kinatangaza kama jambo liko mbele ya macho, ndiyo maana ni “laporomoka”. Chini yake tunasimulia lililokwisha, basi “liliporomoka”, na tusiruke huku na huku. Mimi nilikuwa nimeandika mlima unaanguka, watu walikimbia, njia inazibwa, tukachimba, yote katika sentensi moja isiyo na mahali pa kupumua. Akaikata vipande vinne. Kila kipande kikasimama peke yake. Sikujua maneno yangu yangeweza kusimama hivyo.

Kisha kalamu ikatua kwenye mstari wa mwisho. Nilikuwa nimeandika: Inasemekana shamba hilo halikuwa na matuta, ingawa wengine wanasema huenda yalikuwapo.

“Hii umeiweka ya nini?”

Nikasema nimeiweka kwa haki, ili kila upande upate neno lake.

“Ulipanda kule juu ukaangalia?”

“Hapana, mwalimu. Nilisikia nje ya kanisa.”

Akavua miwani. Akaniuliza gazeti likifika Gare husomwa na nani. Nikamjibu kwamba husomwa na zumbe mwenyewe, kwa sauti, siku ya baraza, Jumamosi. Hapo nikaelewa. Mstari wangu ungekuwa shitaka, na mama yule angesimama peke yake mbele yetu kulijibu. Nikaona haya hadi masikioni.

Mwalimu akasema nta itachapwa kesho saa nne asubuhi. Nafasi yangu ni mistari saba, na kalamu ya kufutia makosa kwenye nta haijaja. Kitakachochapwa kimechapwa.

Nikarudi Gare mbio nusu, mwendo nusu. Sikupita nyumbani. Nilipanda kwa pembeni, nikishika mizizi, mpaka juu kwenye mpasuko. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona nilichokuwa sijakiona toka nizaliwe: mlima kwa ndani. Udongo mwekundu, chini yake wa njano, chini yake mwamba unaotoa maji taratibu kama kidonda. Nikakaa chini. Sijui nilikaa muda gani. Nilijiona mdogo sana, na karatasi yangu ndogo zaidi.

Halafu nikaona matuta. Shamba lilikatika katikati, na kingo zilizobaki zilionyesha ncha za matuta, moja chini ya jingine, kulia na kushoto, yakitazamana kuvuka shimo. Kumi na mawili kila upande. Nilihesabu mara mbili, kisha nikahesabu tena, kwa sababu najijua. Mjane alikuwa akiokota maharage yaliyobaki ukingoni. Nikamsalimu. Akaniuliza kwa Kishambaa kama nami nimekuja kuangalia dhambi zake.

Nikamwambia nimekuja kuhesabu.

“Hesabu vizuri basi,” akasema, akaendelea na maharage yake.

Asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwalimu kabla yake. Nikamweleza. Akasema njia rahisi ni kufuta mstari wote, gazeti lisiseme kitu. Nikasita, maana yeye ni mwalimu na mimi ni nani, lakini nikamwambia maneno yameshatembea kijiji kizima, na tukinyamaza yatabaki yenyewe tu. Akafikiri. Akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Ili matuta yaingie, kitu kitoke. Kilichobaki cha kutoa kilikuwa mstari wangu wa migomba iliyoshuka imesimama wima, mstari pekee alioupitia mara ya kwanza bila kuugusa.

“Utoe wewe,” akasema, akanipa kalamu.

Nikautoa.

Jumamosi jua lilitokeza. Barazani zumbe alisoma: “Shamba laporomoka Gare. Shamba la migomba liliporomoka Gare Jumapili asubuhi na kufunga njia ya Lushoto. Hakuna aliyeumia. Wanakijiji, wanaume kwa wanawake, waliizibua njia kwa majembe hadi Jumatatu jioni. Shamba lilikuwa na matuta. Ncha zake zinaonekana pande zote mbili za mpasuko.”

Akausoma tena ule mstari wa mwisho, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mjane alikuwa amekaa na wanawake, kanga imemfunika hadi kidevuni, hakuinua uso. Kibarua wa barabara akatazama miguu yake. Zumbe akafunua ukurasa, akaanza habari za chanjo ya ng'ombe. Basi. Mlima mzima ulipita katika mistari ile, na mtu mmoja akabaki amekaa alipokuwa amekaa.

Jioni mjane aligawa mikungu ya migomba iliyoshuka, chane moja kwa kila nyumba iliyochimba njia. Niliuliza kwa majirani, nikahakikisha yetu haikuzidi ya mwingine. Mke wangu akazimenya ndizi, akazipika na maharage, chumvi kidogo. Tukala, zikatosha.