Losheni ya Jua la Uhispania

Mwenzangu wa chumbani, Mwingereza aliyesomea uuguzi pamoja nami Birmingham, aliitangazia wodi nzima kwamba likizo yake ni Uhispania, yeye na mchumba wake. Wiki ile ile ya safari mchumba akamwacha. Likizo yote akajifungia chumbani kwetu hosteli, mvua ikinyesha, naye mweupe pe. Jumatatu asiporudi ameungua na jua, wote watajua ameachwa.

"Watanicheka," alilia.

"Hakucheki mtu nikiwa hai," nikamwambia.

Jumamosi asubuhi alinunua losheni inayoipa ngozi rangi ya jua bila jua. Nikamnyang'anya chupa. Kupaka ngozi nifunzwe na nani? Kwetu mtu hatoki bafuni bila kujipaka. Nikaanza na mafuta ya mgando, uso, shingo na mikono, akameremeta, kisha losheni juu yake. Nikanawa vidole kwa maji tu, kwa sababu losheni yenyewe ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Kufikia saa kumi rangi ikatokea. Mama yangu! Mafuta yalipokuwa mazito pamebaki peupe, yalipopungua pana michirizi ya chungwa. Na viganja vyangu vimekuwa rangi ya manjano iliyoungua. Aliangua kilio. Mimi nilijikasirikia, sikulia.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilimsugua kwa taulo gumu, sabuni na ndimu mpaka michirizi ikafifia. Safari hii nikamkausha kabisa. Mafuta nikayagusisha viwikoni tu, maana ngozi kavu hunywa rangi kupita kiasi. Losheni kidogo kidogo, nikiizungusha, nikiivuta nyembamba kwenye vifundo vya mikono yake, na kila baada ya sehemu moja nikinawa kwa sabuni na brashi ya kucha. Nilimkataza kuvaa mpaka akauke. Jioni alijitazama kwenye kioo, akacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Viganja vyangu, nilivisugua hadi vikauma; rangi haikutoka.

Jumatatu wodini kila mtu alimsifia. Kisha sista msimamizi akakagua mikono. Akafika kwangu, akavigeuza viganja.

"Hii nini?"

"Bizari, Sista. Nilipika mchuzi." Sikupepesa macho.

Akaviachia kama tambara. "Hapa si kwenu. Jifunze kula kwa uma kama watu, ndipo uguse wagonjwa wangu."

Wengine walicheka. Iliniuma, kweli iliniuma, lakini nilikuwa nimeapa hatachekwa, basi nikaufunga mdomo.

"Si bizari," mwenzangu akasema. Akanyoosha mkono wake wa rangi ya Uhispania kando ya wangu. "Ni losheni. Amenipaka mimi. Sikwenda popote, Sista. Mchumba ameniacha."

Hakuna aliyecheka.