Sauti Ibaki, Uso Utoke

Miaka ile ya tisini nilipokuwa na chumba changu cha video pale Omurushaka, nilipokea maagizo ya kila namna. Bwana harusi mmoja aliwahi kuniomba nimwongezee urefu. Lakini agizo la kipuuzi kuliko yote nililetewa na kamati ya kwaya kutoka Kimuli, watu wazima na makoti yao, mwenyekiti akiwa mbele ameshika kofia mkononi kama mtu aliyekuja kutoa pole.

Kwaya hiyo ilikuwa imefanya matamasha mawili, moja kwao Kimuli na jingine kijiji cha Kamuli, nami niliyapiga yote kwa kamera yangu moja. Kule Kimuli niliiweka mbele ya waimbaji. Kule Kamuli viti vya wakubwa vilinizibia njia, nikaishia pembeni ya ngoma, hivyo niliwaona wasikilizaji zaidi kuliko kwaya. Sasa walitaka wimbo wao mmoja uliopendwa utengenezewe video. Nilikuwa na deki mbili, moja ya kuchezesha na nyingine ya kurekodi, na hii ya kurekodi ilikuwa na kitufe cha kuingiza picha bila kugusa sauti iliyokwisha kuwekwa. Nikaweka kwanza sauti yote ya Kimuli, mwanzo hadi mwisho, kisha nikaanza kuipandishia picha kipande kwa kipande.

Pa kukata unaonyeshwa na wimbo wenyewe. Ubeti ni mtu mmoja anasimulia jambo lake, basi mwache asimulie, mtazamaji amtazame mdomo na macho. Kiitikio kikiingia na ngoma, hapo ndipo unakata kwa kufuata pigo: miguu, makofi, mstari wa besi, mikono ya mpiga ngoma. Picha za Kamuli niliziweka huko kwenye kiitikio tu, tena fupi fupi, kwa sababu siku ile mpiga ngoma aliukimbiza wimbo, na mwimbaji ukimwacha kwenye picha kidogo tu, mdomo wake unamaliza neno kabla ya sauti. Na wasikilizaji huwamalizi mapema. Kiitikio cha kwanza unawaonyesha wanaotikisa vichwa wamekaa, cha pili wanaopiga makofi na vigelegele. Wale waliosimama na kupunga khanga unawawekea cha mwisho. Ukiwatanguliza, wimbo ukiendelea wataonekana wanakaa chini kwa kuchoka.

Haya yote nilimweleza mwenyekiti, mnunuzi wa kahawa aliyetokea Muleba, mtu aliyeamini kwamba anayejua kupima kahawa anajua kila kitu. Alitaka waliosimama watangulie, ili ijulikane kuwa watu walijaa. Alitaka pia yeye aonekane kila panapofaa, na kwa maoni yake hapakuwa na mahali pasipofaa.

Hayo ningeyavumilia. Lakini siku ile walikuja na jingine. Beti zote za wimbo ule zilikuwa za binti mmoja, mtoto wa vibarua wenye asili ya Burundi, anayepalilia migomba ya watu wiki nzima na Jumapili anaimba hadi unasahau njaa. Baada ya matamasha ilijulikana kuwa ni mjamzito, na ndoa haipo.

"Yule dada ametengwa," alisema mwenyekiti. "Haimbi, hashiriki meza ya Bwana, anakaa benchi la nyuma. Hawezi kuonekana kwenye kanda ya kwaya."

"Basi mtafute mwingine aimbe beti, turekodi upya."

Wakatazamana. Mwingine hakuwepo, na walilijua hilo kuliko mimi.

"Hapana," alisema. "Sauti ibaki. Uso utoke. Weka maua."

Nikauliza habari za kijana aliyempa mimba, maana Kimuli nzima ilimjua, na kwenye picha zangu alikuwa mstari wa nyuma, anaachama kinywa kwenye kila kiitikio. Katibu akanijibu kwa upole kabisa kwamba huyo amepewa onyo, na kwamba besi walikuwa wachache.

Nilicheka mbele yao, na sikujaribu kuficha. Dhambi ya mtu mmoja inaonekana, ya mwenzake inasaidia sauti ya chini! Na sauti ya yule binti, walivyoona wao, haikuwa na mimba.

Siku ya soko binti alikuja mwenyewe, tumbo limeshajitokeza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nasikia mnanitoa."

"Ndivyo walivyosema."

"Mama hajawahi kuniona nikiimba. Matamasha yote mawili alikuwa kwenye vibarua. Anaingoja hiyo kanda. Niachie hata ubeti mmoja, anione."

Nilimwambia ukweli: kanda ni ya kwaya, na nikikataa, mwenyekiti angeibeba hadi Bukoba kwa fundi mwingine ambaye angeimwagia maua hadi nyuki waje. Akaitikia, akaondoka. Nilibaki nimekasirika hata chai ikanishinda.

Basi nikaipitia upya kanda ya Kamuli, na safari hii nikazitazama beti ambazo mwanzo nilikuwa naziruka. Mtu anayesikiliza hahitaji kulinganishwa midomo. Niliona akina mama wamekaza macho upande mmoja, mzee ameacha kutafuna, mtoto amenyamaza mgongoni. Wote walikuwa wanamtazama yeye. Na mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha heshima, mwenyekiti mwenyewe alikuwa anajifuta machozi kwa leso kubwa nyeupe.

Maua sikuweka. Ubeti wa kwanza niliwapa akina mama, wa tatu yule mzee na mtoto, bila kukatakata. Ubeti wa pili wote nikampa mwenyekiti na leso yake. Si alitaka aonekane?

Walionyesha kanda Jumapili baada ya ibada, ukumbini, televisheni juu ya meza, jenereta inanguruma nje. Binti alikuwa benchi la nyuma na mama yake. Ubeti wa kwanza watu walirefusha shingo kutazama. Kiitikio kikapita, ukaja wa pili, na uso wa mwenyekiti ukajaa kwenye kioo, umelowa. Watu wakaanza kuguna, kisha wakacheka.

"Waitu, jamani!" alisema bibi mmoja kwa sauti. "Huyu bwana analilia nani? Na hawa wote wanamtazama nani?"

Kila mtu alijua. Vichwa vikageuka, benchi moja baada ya jingine, hadi ukumbi wote ukawa umeipa televisheni kisogo.

"Zima!" mwenyekiti aliniambia.

Nikamwambia kiitikio cha mwisho bado, watu hawajasimama. Akatoka nje mwenyewe, mbiombio. Huko nyuma, ubeti wa tatu ulipoanza, mama alimshika binti yake mkono, akamwambia, "Simama uimbe, mwanangu."

Akasimama na tumbo lake, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe. Katikati ya ubeti jenereta ikanyamaza na kioo kikawa cheusi. Yeye hakunyamaza. Hapakuwa na ngoma wala mtu wa kumsindikiza, na kijana wa besi alikuwa anatazama viatu vyake. Wengine wote walimtazama binti, lakini mimi nilimtazama mama. Alikuwa amekaa palepale chini yake, ameinua uso, na hakupepesa macho hadi ubeti ulipokwisha.