Mwenye Jina la Ruzuku

Idarani walimwita Mizani, mhadhiri mwandamizi asiyempendelea hata mdogo wake wa tumbo moja. Katika kamati ya ajira, yeye ndiye aliyelinganisha wasifu wa waombaji na tangazo la nafasi ya mhadhiri.

Siku hiyo alishika wasifu wa mwalimu wa muda, dada aliyefundisha pale miaka nenda miaka rudi kwa vimikataba vya kuungaunga. Tangazo lilitaka makala tano zilizopitiwa na wataalamu. Mizani alifungua jarida moja baada ya jingine, akakuta makala sita, zote safi. Kisha akafika kwenye ruzuku. Mwombaji alitakiwa awe ameongoza mradi wa utafiti uliofadhiliwa. Dada huyo aliorodheshwa kama mtafiti mshiriki tu.

"Hapo sifuri," mkuu wa idara alisema.

"Mzee, andiko la mradi ule aliliandika yeye. Na utafiti akaufanya yeye."

"Aliyeongoza ni nani?"

Mizani alimkazia macho. Kanuni za chuo hazimruhusu mwalimu wa muda kuongoza ruzuku, kwa hiyo palikuwa pamewekwa jina la mkuu.

"Ni wewe."

"Basi tangazo ni tangazo."

Mizani alilisoma tena tangazo akitafuta upenyo, akaukosa. Akaandika sifuri.

Mlangoni mkuu alimgusa bega. "Mpoze yule dada, asikate tamaa. Halafu mkumbushe andiko la ruzuku yetu mpya. Mwisho ni Ijumaa."