Sauti ya Kabatini

Kila asubuhi shangazi yangu, mwalimu wa chekechea, huchuchumaa mlangoni na kumpa mkono kila mtoto anayeingia. Ndivyo siku moja alivyoona alama nyekundu zilizozunguka mikono ya binti mmoja mpole kupita kiasi.

Wakati wa michezo binti yule alimfungia mwanasesere kabatini, akasogeza mdomo kwenye tundu la kufuli, akanong'ona kwa sauti nzito isiyo yake: "Ukilia, nakufunga tena kamba." Shangazi akamsogelea, akachuchumaa kando yake.

"Baba ndiye husema hivyo," binti akamwambia shangazi. "Usimwambie mtu."

"Siri hii siwezi kuitunza, mwanangu. Nitawaambia wanaolinda watoto. Umefanya vizuri kusema."

Hakumdadisi zaidi. Aliyaandika maneno ya mtoto kama yalivyo, kisha akaenda kwa mwalimu mkuu.

"Tumwite baba yake kwanza," mkuu akasema. "Yule ni mtu wa watu, bwana!"

"Tukishamwita, usiku mtoto atalala na nani?"

Shangazi akampigia simu mwenyewe afisa wa ustawi wa jamii, naye akafika haraka, akaketi na binti ofisini.

Mchana baba alikuja getini, akamwita mwanawe huku anatabasamu. Shangazi akaitambua sauti: ilikuwa ile ile nzito aliyoiigiza binti kabatini. Lakini safari hii hakuna mtoto aliyetoka.

Aliponisimulia haya, nilimuuliza shangazi, "Na kama ungekuwa umekosea?"

"Kuchunguza ni kazi yao," akasema. "Yangu ni kuripoti ninachoshuku."